Chungwa linapothibitisha kosa: somo la sehemu katika darasa la tano na la sita

Mabishano kuhusu vifaa vya kushikika katika somo la hesabu hayaishi katika shule za msingi za Lubumbashi, na pande zote mbili zimepotea njia ileile. Upande mmoja unaamini kwamba mwalimu aliyeingia darasani na machungwa na kisu amekwisha kufanya kazi yake: fishi ya maandalizi ina mstari wa vifaa, inspekta ataridhika, watoto watachangamka. Upande wa pili unasema kwamba tangu elimu ya msingi katika shule za serikali ifanywe bure Septemba 2019, madarasa yamejaa kiasi cha kwamba vifaa vimekuwa ndoto, na heri kanuni iandikwe ubaoni, wanafunzi wainakili kwenye kaye, waikariri, wafike nayo kwenye mtihani wa taifa wa darasa la sita. Wote wanatazama mezani, wanauliza kama kuna kitu au hakuna. Ninachotetea hapa ni kwamba kifaa hakisahihishi kosa chenyewe, na kikichaguliwa bila kufikiri kinalipa kosa nguvu. Katika somo la sehemu, cha kwanza kuandikwa kwenye fishi ni makosa ambayo watoto watayafanya, kwa majina yake na kwa sababu zake. Kifaa huchaguliwa baadaye, kwa kuangalia kama kitayafichua makosa hayo au kitayafunika.

Tuchukue mfano unaojulikana na kila mwalimu wa darasa la tano: 1/2 + 1/3. Mtoto anajumlisha namba za juu, anapata 2, anajumlisha namba za chini, anapata 5, anaandika 2/5 bila wasiwasi. Sasa mwalimu anataka kumwonyesha kosa lake kwa kitu cha kushika. Anatoa machungwa mawili. La kwanza analikata vipande viwili, anachukua kimoja: hicho ndicho 1/2. La pili analikata vipande vitatu, anachukua kimoja: hicho ndicho 1/3. Anaweka pamoja vile alivyochukua na kuuliza darasa wanaona nini. Mtoto mwangalifu anahesabu. Vipande vyote mezani ni vitano, vilivyochukuliwa ni viwili. Jibu ni 2/5, na mara hii mtoto ana ushahidi wa macho. Mwalimu akisema jibu ni 5/6, darasa litaliandika kwa sababu mwalimu kasema, lakini chungwa limesema mengine. Hapo kifaa kipo, watoto wameshika, wamechangamka, na kosa limeota mizizi zaidi ya jana.

Wala mtoto huyo si mjinga. Ametoa jibu sahihi la swali lingine. Mchezaji aliyepiga penalti 2 jana akafunga 1, na leo akapiga 3 akafunga 1, kwa jumla amefunga 2 kati ya 5, na hakuna wa kumbishia. Katika swali la penalti kizima kinakua: jana mapigo 2, leo 3, jumla 5. Katika 1/2 + 1/3 kizima hakikui wala hakibadiliki. Nusu na theluthi zote ni za kitu kilekile kimoja, na jumla yake inapimwa kwa kitu hichohicho. Machungwa mawili yameingiza vizima viwili mezani kimyakimya, na hakuna aliyewaambia watoto kwamba la pili lisihesabiwe. Jambo hili la kizima ndilo mzizi wa karibu matatizo yote ya sehemu. Nusu ya meka ya bunga na nusu ya mfuko wa kilo 25 zote zinaandikwa 1/2, na mama sokoni hatazichanganya hata siku moja, lakini kwenye kaye mtoto haoni meka wala mfuko. Anaona 1 na 2 tu, namba mbili alizozizoea tangu darasa la kwanza, na anazifanyia kile alichofundishwa kufanya na namba.

Chungwa lina kasoro nyingine. Halikatiki vipande vitatu vilivyo sawa mbele ya watoto, kwa hiyo sharti la kwanza la sehemu, yaani vipande kuwa sawa, linavunjwa na mwalimu mwenyewe. Machungwa mawili hayalingani ukubwa. Likishakatwa, kizima hakipo tena, na likishaliwa hata vipande havipo. Mviringo unaochorwa ubaoni kwa jina la mkate au keki hauna afadhali kubwa. Kuugawa mara mbili au nne ni rahisi, lakini mwambie mtoto augawe mara tatu utaona anapiga mistari miwili ya wima yenye nafasi sawa, na kipande cha katikati kinakuwa kikubwa kuliko vile vya pembeni. Mwalimu akihesabu vipande tu atasema vizuri, ni vitatu.

Kifaa kinachostahili kazi hii ni utepe wa karatasi wa sentimita 24. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo: 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila kubakiza, hivyo nusu ni sentimita 12, theluthi 8, robo 6, sehemu ya sita 4, ya nane 3, ya kumi na mbili 2. Mwalimu anapima kwa rula ya kawaida bila kuhangaika na milimita. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Ukipunguza urefu ubaki 24, kisha ukakata kwa upana wa sentimita 3, unapata tepe saba kamili: moja inabaki nzima, nyingine sita zinagawiwa kwa nusu, theluthi, robo, sita, nane na kumi na mbili. Karatasi moja, dawati moja. Darasa la watoto 60 wanaokaa watatu watatu linahitaji karatasi 20, na kwa wembe na rula karatasi tano zinakatwa pamoja kwa mkupuo. Kile kipande cha juu kilichopunguzwa kisitupwe. Mtoto asiye na ardwazi atakitumia kuandikia jibu la kuonyesha. Kama A4 haipo na kuna karatasi za kaye tu, tepe ziwe za sentimita 12, maana nusu, theluthi, robo na sehemu ya sita bado zinatoka kwa sentimita kamili. Ila tepe za darasa zima ziwe na urefu mmoja. Dawati moja likiwa na 24 na jingine 12, watoto wakilinganisha kati ya madawati utakuwa umerudisha machungwa mawili kwa mlango wa nyuma.

Tepe zinakunjwa, hazikatwi. Hili ndilo linalopuuzwa sana na ndilo lenye faida. Utepe uliokatwa unaacha vipande vilivyotawanyika, na kizima kinapotea machoni kama kilivyopotea kwa chungwa. Utepe uliokunjwa unaonyesha nusu, na ukikunjuliwa kizima kinarudi palepale. Tena vipande 36 kwa kila dawati, mara madawati 20, havitaiona siku ya pili. Nusu, robo na nane watoto wazikunje wenyewe, kwa sababu kukunja kunatoa kosa la kwanza la kujadili. Baada ya kukunja mara moja (vipande 2) na mara mbili (vipande 4), waulize kabla ya kukunja mara ya tatu: vitakuwa vingapi? Wengi watasema 6, kwa sababu 2, 4, 6. Wakunjue wahesabu, ni 8. Kila mkunjo unagawa mara mbili kila kipande kilichopo. Theluthi ni ngumu kukunja kwa jicho, kwa hiyo mwalimu aweke alama kwenye sentimita 8 na 16 mwenyewe, na watoto wakunje kwenye alama. Sehemu ya sita inapatikana kwa kukunja kila theluthi katikati, na ya kumi na mbili kwa kukunja tena kila moja ya hizo. Alama za 1/3 au 1/6 zisiandikwe kwenye tepe mapema. Mtoto atasoma maandishi badala ya kuangalia urefu, na utakuwa umepoteza kile ulichokuja kukitafuta.

Somo la kwanza ni la kulinganisha, na linaanza bila tepe. Mwalimu anaandika ubaoni jozi moja baada ya nyingine, na kila mtoto anaandika kwenye ardwazi ile anayodhani ni kubwa, au alama ya sawa kama anaona zinalingana, kisha wote wanainua kwa pamoja. Jozi ni tatu tu: 1/3 na 1/4, 2/3 na 3/4, 5/6 na 3/4. Anayetazama ardwazi sitini zilizoinuliwa anasoma darasa kwa muda mfupi kuliko kusahihisha kaye kumi. Lakini jozi hizi zimepangwa makusudi. Kuna mtoto anayeiona sehemu kama namba mbili za kawaida, ambaye kwake namba zikiwa kubwa sehemu nayo ni kubwa. Huyo atakosa ya kwanza kwa kuchagua 1/4, kisha atapata ya pili na ya tatu, na mwalimu anayehesabu maksi tu atampa mbili kwa tatu na kumpita. Kuna mtoto aliyefundishwa juzi kwamba namba ya chini ikiwa kubwa kipande ni kidogo, akalichukua neno hilo kama sheria ya kila mahali. Huyo atapata ya kwanza, kisha atasema 2/3 inaizidi 3/4, na 3/4 inaizidi 5/6. Na kuna wa tatu, ambaye mara nyingi ni mtoto hodari, anayetazama kilichobaki kufika kwenye kizima: 2/3 imebakiza kipande kimoja, 3/4 kimoja, 5/6 kimoja, basi zote zinalingana. Huyo anapata jozi ya kwanza na kuandika alama ya sawa kwenye mbili zinazofuata.

Mawazo matatu tofauti, majibu matatu tofauti. Kama mwalimu angeuliza 1/3 na 1/4 peke yake, kama tunavyozoea, angewachanganya wa pili na wa tatu pamoja na wale walioelewa kweli, na angetoka darasani akiamini somo limeingia. Hii ndiyo maana ya kutazamia makosa: swali lichaguliwe ili kila wazo potofu litoe jibu lake lenyewe, lisifanane na jibu la wazo lingine. Mwalimu asisahihishe hapo. Aandike ubaoni majibu yote yaliyotolewa kwa kila jozi, bila kutaja majina, ndipo tepe zitolewe.

Kwa tepe watoto wanapanga mianzo yote kwenye mstari mmoja wa dawati, upande wa kushoto, na utepe mzima unabaki chini daima. Mwisho wa kushoto usipolingana, ulinganisho wote haufai, na hapo ndipo pa kuzunguka kati ya madawati kwa dakika za mwanzo. Theluthi inafika sentimita 8, robo 6: aliyechagua 1/4 anaona. Theluthi mbili zinafika 16, robo tatu zinafika 18: mwenye sheria ya namba ya chini anaona. Kwa mtoto wa kilichobaki, mwelekeze kwenye pengo lenyewe, usimwelekeze kwenye jibu. Kweli kila moja imebakiza kipande kimoja, lakini pengo la 3/4 lina upana wa robo, na pengo la 5/6 lina upana wa sehemu ya sita. Lipi dogo? Aliye na pengo dogo yuko karibu zaidi na kizima. Mtoto huyo hakuwa na wazo baya. Alihesabu mapengo akasahau kuyapima, na akirekebishwa hivyo anabaki na njia nzuri kuliko ile ya kutafuta namba ya chini ya pamoja. Waacheni waeleze kwa Kiswahili kadiri wanavyotaka, hata kama kwenye kaye yataandikwa Kifaransa. Maelezo ya kwa nini hayatoki kwa lugha ambayo mtoto bado anaitafutia maneno.

Somo la pili linarudi kwenye 1/2 + 1/3. Tena ardwazi kwanza, na 2/5 zitakuwa nyingi. Mwalimu anauliza swali moja kabla ya tepe: 2/5 imefika nusu? Nusu ya vipande vitano ni viwili na nusu, kwa hiyo viwili havijafika. Anaandika ubaoni: tulikuwa na nusu, tukaongeza kitu, tukapata pungufu ya nusu. Anyamaze. Mgongano huo ndio moyo wa somo, na mwalimu anayeukimbilia kwa jibu anawanyang'anya. Kisha kila dawati linaweka utepe mzima chini, linakunja utepe wa nusu ubaki sentimita 12, linakunja wa theluthi ubaki 8, na kuvipanga hivyo viwili kichwa kwa mkia juu ya utepe mzima. Vinajaza karibu wote, vinabakiza pengo dogo. Kizima ni kimoja na kinaonekana, kwa hiyo hakuna wa kuhesabu vitano.

Sasa inabaki kutaja urefu huo. Swali kwa madawati ni hili: tafuteni utepe ambao mikunjo yake inafika sawasawa mwisho wa nusu, na pia mwisho wa nusu pamoja na theluthi. Wasiambiwe ni upi. Watajaribu robo: robo mbili zinatosha nusu, lakini mwisho wa theluthi unaangukia ndani ya robo ya nne, kabla haijaisha. Watajaribu nane, na inashindikana vilevile. Watajaribu sita: vipande vitatu kwa nusu, viwili kwa theluthi, jumla vitano. Kushindwa kwa robo na nane ni sehemu ya somo, kwa sababu ndiko kunakoonyesha kwa nini namba ya chini ya pamoja lazima igawanyike kwa 2 na kwa 3 pia. Dawati moja au mawili yatachukua utepe wa kumi na mbili na kupata 10/12. Yapongezwe, na darasa liweke 10/12 juu ya 5/6 lione zinaishia mahali pamoja. Mtoto anayesema 10/12 ni kubwa kwa sababu namba zake ni kubwa amejitokeza mwenyewe, na dawa yake iko mkononi.

Kila tendo la tepe lipate mstari wake kwenye kaye papo hapo. Nusu imefunikwa na vipande vitatu vya sita: 1/2 = 3/6. Theluthi imefunikwa na viwili: 1/3 = 2/6. Jumla: 3/6 + 2/6 = 5/6. Maandishi yakiachwa hadi tepe zikusanywe, watoto watakuwa na mambo mawili yasiyojuana, mchezo wa karatasi na hesabu ya kaye, na kesho katika hesabu ya kaye watarudi kwenye 2/5. Baada ya hapo wafanye 1/4 + 1/3, ambayo inakubali utepe wa kumi na mbili tu, na mwisho 2/3 + 1/2. Hii ya mwisho ni mtego unaostahili kutegwa. Theluthi mbili ni sentimita 16, nusu ni 12, jumla 28, na utepe mzima una 24: zimezidi kwa kipande kimoja cha sita. Watoto wengi wataazima utepe wa pili wa sita kwa dawati la jirani, waziweke tepe mbili pamoja, wahesabu vipande saba vilivyojaa kati ya kumi na viwili, waandike 7/12. Hilo ni kosa lile la machungwa limerudi kwa vazi jingine, na ni ishara kwamba kizima bado hakijatulia kichwani. Mwalimu awarudishe kwenye utepe mmoja wa chini na kuuliza: mmezidi kizima au hamjakifika? 7/12 ni zaidi ya nusu kidogo tu. Mmezidi kizima, kwa hiyo ni 7/6, au kizima kimoja na 1/6.

Wanaopinga vifaa wana hoja za uzito tofauti. Iliyo nzito ni kwamba watoto wengi wanaofanya vizuri na tepe hawafanyi vizuri na namba tupu. Ni kweli, na mwalimu anayetumia tepe mwezi mzima anatengeneza watoto wanaojua tepe. Mpaka wa kifaa hiki uko wazi. Hakitoi sehemu ya tano wala ya saba kwa sentimita kamili, na 3/7 + 2/11 haina utepe. Kwa hiyo baada ya masomo haya tepe ziondoke mikononi kwa hatua: kwanza zichorwe kwenye kaye badala ya kushikwa, kisha mtoto akadirie kabla ya kukokotoa kama jibu litakuwa chini ya nusu, juu ya nusu, au juu ya kizima, kisha namba peke yake. Kadirio hilo ndilo linalobaki baada ya utepe kutupwa. Hatua ya mstari wa namba nayo ipite kwenye utepe: uwekwe ubaoni, ncha zake ziandikwe 0 na 1, mikunjo ihamishiwe kwenye mstari. Kosa la hapo ni kuhesabu alama badala ya nafasi, mtoto akianza kuhesabu kwenye 0 na kuiita ya kwanza. Utepe ukitelezeshwa juu ya mstari anaona kwamba robo ni mwendo wa kutoka alama moja hadi nyingine.

Hoja ya pili ni ya mtihani: kanuni ni ya haraka, na darasa la sita linangojwa na mtihani wa taifa. Haraka ni kweli pia. Mtoto lazima afike mahali pa kujumlisha sehemu bila kukunja chochote, na kanuni ya namba ya chini ya pamoja itafundishwa na kufanyiwa mazoezi mengi. Lakini kanuni iliyokaririwa ina hatua kadhaa, na hatua moja ikisahaulika hakuna kengele inayolia. Aliyekariri tu anaweza kubadilisha namba za chini kuwa 6 na kuacha za juu zilivyo, akapata 1/6 + 1/6 = 2/6, aendelee na swali linalofuata kwa amani. Aliyeshika utepe anajua kwamba 2/6 ni theluthi, na theluthi haiwezi kuwa jumla ya nusu na kitu kingine. Katika mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, kengele hiyo ina thamani kubwa kuliko kasi, kwa sababu mtungaji hodari wa maswali huweka 2/5 na 2/6 miongoni mwa majibu ya kuchagua.

Hoja dhaifu kabisa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: darasa limejaa, vifaa ni vya shule zenye watoto 25. Ingekuwa na nguvu kama vifaa vingekuwa machungwa 40 na visu, au seti za plastiki za kuagizwa nje. Kwa karatasi 20 na wembe mmoja haisimami. Tena wingi wa watoto ndio sababu ya kuhitaji jozi tatu na ardwazi, kwa kuwa mwalimu wa watoto 60 hawezi kumhoji kila mmoja, lakini anaweza kuona kwa macho majibu ya wote kwa swali lililopangwa vizuri. Kinachokosekana katika madarasa yaliyojaa ni nafasi ya kupita kati ya madawati na muda wa kupanga tepe, na hilo ni gumu kweli. Mwalimu asiyeweza kupita aweke mtoto mmoja kwa kila safu wa kukagua kwamba mianzo ya kushoto imelingana, kazi isiyohitaji kujua jibu.

Yote haya yanagusa fishi yenyewe. Fishi zetu zina ukumbusho, motisha, tangazo la somo, uchambuzi, muhtasari na mazoezi, na juu kuna mstari wa vifaa. Hazina mstari wa makosa yanayotazamiwa. Ndiyo maana mwalimu mchanga anaandika "machungwa, kisu" na kuona amejiandaa, na inspekta anakuta machungwa na kisu na kuona vivyo hivyo. Mstari mmoja ukiongezwa chini ya vifaa, ukasema kwa mfano "watajumlisha juu na chini, 2/5, watachukua vizima viwili, 7/12, watasema 3/4 na 5/6 ni sawa", mambo mawili yanabadilika mara moja. Mwalimu anayeandika 2/5 kwenye mstari huo atalitazama chungwa na kuuliza kama litaipinga 2/5 au litaiunga mkono, na ataliacha nyumbani. Na inspekta atakuwa na la kuuliza zaidi ya kuwepo kwa kitu mezani: kosa hili likitokea, utafanya nini, na kwa swali lipi utajua limetokea? Katika humanite pedagojia, wanakoandaliwa walimu wa msingi, mazoezi ya kufundisha yangeweza kuanza na jozi tatu zile, kila mwanafunzi mwalimu aeleze ni mtoto wa wazo gani anayekosa ipi.

Kwa sehemu ya tano na ya kumi, zinazotangulia desimali, utepe uwe wa sentimita 20: ya tano ni 4, ya kumi ni 2, nusu ni 10, robo ni 5. Uwe wa karatasi ya rangi nyingine, na zile za 24 zikusanywe kabla huo haujatolewa. Zikikaa pamoja dawatini, mtoto atapima 2/5 ya utepe wa 20, sentimita 8, aone inalingana kabisa na 1/3 ya utepe wa 24.